Mfanyakazi anapopiga simu kusema anaumwa: mpokee kwanza, kazi baadaye

Simu ya mgonjwa mara nyingi huingia alfajiri, kabla zamu haijaanza, na humkuta msimamizi akiwa bado anavaa au yuko kwenye daladala. Kabla mpigaji hajamaliza sentensi ya pili, msimamizi ameshaanza kupiga hesabu: nani atakaa kwenye nafasi yake, funguo anazo nani, mteja wa asubuhi ataambiwa nini. Swali la kazi linamtoka mdomoni mapema. Mgonjwa naye, kwa haya na kwa heshima, analijibu, na akishalijibu anaona simu imekwisha. Hasemi kwamba yuko peke yake nyumbani wala kwamba tangu usiku anatapika. Anasema "sawa bosi, nitajitahidi kesho", anakata.

Ndiyo maana msaada unatangulia. Upole ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine: ukianza na kazi, hutaujua ukweli wa hali yake. Usipoujua hutajua kama utamkosa siku moja au wiki nzima, na mpango wako wa zamu utakuwa wa kubahatisha.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, kwa sababu ni mgumu kuliko mingi. Duka la jumla Kariakoo, linafunguliwa saa mbili asubuhi. Keshia ni mama wa miaka hamsini na kitu, anaishi Mbagala. Anakaa na funguo za droo ya fedha na simu ya lipa namba ya duka. Msimamizi wake ni kijana wa miaka thelathini. Saa kumi na mbili na robo simu inaita.

Kabla ya yote: mpigie wewe

Mtu anayeumwa huenda anapiga kwa salio la mwisho, au amebip tu. Akishasema ni yeye, mwambie, "Kata mama, nakupigia sasa hivi." Kwanza anajua hutamkatikia katikati ya maelezo. Pili wewe unapata sekunde chache za kusogea mahali penye utulivu. Usizungumze na mgonjwa ukiwa umesimama kwenye lango la stoo huku ukiwaelekeza wapagazi. Anasikia, na atafupisha habari zake ili asikusumbue.

Akikutumia ujumbe tu, mpigie mara moja. Asipopokea, mwandikie: "Pole sana, nimepata ujumbe wako. Usijali kupokea simu. Ukiweza, niambie tu kama uko na mtu hapo nyumbani." Kisha muache. Simu tano mfululizo kwa mtu aliyelala na homa ni usumbufu, hata kama unapiga kwa nia njema.

Pengine anayepiga ni mtoto wake, mume au dada. Msalimie huyo kikamilifu kama ambavyo ungemsalimia mfanyakazi wako, na usiombe "mpe mwenyewe nimsikie". Ndugu wa mgonjwa atachukulia kwamba unahisi anadanganya, na mara nyingi atakuwa hajakosea.

Salamu

Wewe ni bosi wake, lakini yeye ni mkubwa kwako kwa umri. Anza na "Shikamoo mama", ungoje "Marahaba baba". Cheo hakiondoi shikamoo, hasa asubuhi ya ugonjwa. Kwa wa rika lako, "Habari za asubuhi, dada" inatosha.

Jihadhari na jibu la kwanza. Ukiuliza "Umeamkaje?" utajibiwa "Salama", hata na mtu mwenye homa kali, kwa sababu hiyo ni adabu ya salamu na si taarifa ya afya. Taarifa yenyewe inakuja baada ya "ila". "Salama baba, ila usiku sikulala." Hapo nyamaza. Usimalizie sentensi yake, usiseme "malaria hiyo", wala usianze kusimulia jinsi nawe ulivyoumwa wiki iliyopita. Akimaliza, sema "Pole sana mama." Kisha nyamaza tena kidogo, maana wengi jambo lenyewe hulisema baada ya pole.

Sauti nayo sikiliza. Anavuta pumzi katikati ya maneno? Anarudia jambo alilokwisha kusema? Anajibu swali ambalo hukuuliza? Hizo ni habari muhimu kuliko jina la ugonjwa.

Maswali ya hali, na yale ya kuacha

Usiulize "Unaumwa nini hasa?" Anayetaka kukuambia atakuambia. Asiyetaka huenda ana sababu nzito: mimba iliyoharibika, ugonjwa wa akili, tatizo la sehemu za siri, dawa anazotumia kila siku. Dada wa miaka ishirini na tatu hatamweleza msimamizi wa kiume habari za damu ya hedhi isiyokatika. Ukimlazimisha atakupa uongo, na utapanga zamu yako kwa uongo huo.

Yanatosha matatu. Uko na nani hapo? Unahisije sasa hivi kuliko usiku? Umeshapata huduma, au ndiyo unajiandaa kwenda?

Katika mfano wetu keshia anajibu hivi: yuko na mjukuu wa miaka tisa tu, usiku alitetemeka kwa baridi, ametapika mara tatu na akisimama anasikia kizunguzungu. Anafikiria kunywa dawa kwanza, jioni akipata nafuu asiende hospitali.

Wewe si daktari, kwa hiyo usimwambie anywe nini. Homa ya namna hiyo inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Njia ya kujua ni kupimwa, na kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hupatikana hata kwenye zahanati. Dawa mseto ikinywewa bila kipimo inaweza kuwa inatibu ugonjwa ambao haupo, huku uliopo ukiendelea. Lakini zipo dalili ambazo hata asiye daktari akizisikia anajua leo si siku ya kusubiri jioni: kutapika kila kinachoingia tumboni, degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, au kuvuja damu. Ukisikia mojawapo, habari ya kazi imekwisha kwenye simu hiyo. Kazi yako inakuwa kumtafutia mtu na usafiri. Mjamzito au aliyejifungua karibuni, akipata dharura Tanzania, ipo namba ya bure 115 ya usafiri wa m-mama; iweke kwenye simu yako leo.

Kizunguzungu na kutapika mara tatu bila mtu mzima nyumbani kinatosha kukufanya uchukue hatua.

Toa msaada unaoshikika

Hapa ndipo wasimamizi wengi wenye moyo mzuri wanakosea. Wanasema, "Ukihitaji chochote nijulishe." Mfanyakazi anajibu, "Asante sana bosi." Mazungumzo yanaishia hapo, naye anabaki na shida ileile. Kumwomba bosi nauli ni jambo zito, na kwa mtu mzima kumwomba kijana ni zito zaidi. Mwondolee mzigo wa kuomba: taja kitu chenyewe, yeye abaki na kazi ya kukubali au kukataa.

Usafiri kwanza. "Mama, nikutumie bajaji ikupeleke hospitali ya Rangi Tatu, au kuna jirani mwenye gari?" Sikusema bodaboda. Mtu mwenye kizunguzungu hapaswi kupanda pikipiki, hata kama ni rahisi na inafika haraka. Ukituma nauli kwa simu, ongeza kiasi cha kutoa, na umwambie papo hapo kama ni msaada, ni ya kampuni au ni mkopo. Fedha isiyo na jina humsumbua anayeipokea.

Pili, mtu wa kumsindikiza. "Una dada au jirani ambaye nimpigie?" Ukikuta hakuna, angalia kama kuna mwenzake kazini anayekaa maeneo hayo na anayeelewana naye. Muulize yeye kwanza kama anaridhia kuletewa mtu huyo. Wengine hawataki mfanyakazi mwenzao aone hali ya nyumbani kwao, na hiyo ni haki yao.

Tatu, bima. Swali ni fupi: "Kadi ya bima unayo hapo?" Nyuma yake pana kazi ambayo ulitakiwa uwe umeifanya zamani. Ujue kampuni inatumia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya au bima binafsi, vituo vipi vinaipokea katika maeneo wanayokaa watu wako, na nani ofisini anashughulikia pale kadi inapokataliwa dirishani. Mgonjwa akifika mapokezi akaambiwa kadi haisomi, hana nguvu za kubishana. Mpe namba ya huyo mtu wa ofisini kabla hajatoka nyumbani.

Usiahidi usichokuwa nacho. Kama huna mamlaka ya kutoa mkopo wa mshahara, usiseme "tutaangalia". Sema, "Mkopo hauko mikononi mwangu, lakini saa tatu nitamwona mhasibu, na saa nne nitakupa jibu, liwe ndiyo au hapana." Kisha saa nne upige kweli.

Mjukuu usimsahau. Katika mfano huu, mama huyu hatatoka nyumbani mpaka ajue mtoto anakwenda na nani shule. Ukiuliza, "Na mtoto?" unaweza kukuta hicho ndicho kilichokuwa kinamzuia kwenda hospitali, wala si nauli.

Sasa kazi, kwa ruhusa na kwa swali moja

Msaada umeeleweka: jirani anakuja, bajaji inatumwa, mtoto atapelekwa shule na mama wa nyumba ya pili. Hapo ndipo unasema: "Mama, nina jambo moja la kazi. Unaweza kunijibu sasa, au nimuulize mtu mwingine?" Mwachie kweli nafasi ya kusema hapana.

Jambo moja, na liwe lile ambalo yeye peke yake analijua. Kwa keshia ni funguo na simu ya lipa namba: viko wapi? Akisema viko kwenye mkoba wake nyumbani, usimtume alete. Usimtume hata mjukuu. Utamtuma kijana wa duka kwa saa mliyokubaliana, akabidhiwe mbele ya jirani, na wewe umpigie jirani kuthibitisha.

Namba ya siri ya ile simu usiiulize, hata akikupa mwenyewe kwa wema. Siku fedha zikipungua, mtu mliyemchukulia namba akiwa na homa ndiye atakayetajwa wa kwanza, na hataweza kujitetea. Mwenye duka aliyesajili laini ndiye wa kushughulikia hilo. Mpaka litengenezwe, pokeeni malipo kwa fedha taslimu au kwa namba nyingine ya duka. Asubuhi itakuwa na usumbufu kidogo, na usumbufu huo unavumilika.

Kuhusu droo: kama funguo ya akiba ipo kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ifungueni watu wawili, mhesabu kilichomo, muandike kwenye daftari pamoja na saa, msaini wote, kisha mpige picha ukurasa huo. Kama haipo, hilo ni kosa la mpangilio wa duka na wala halimhusu mgonjwa, asilisikie leo. Hesabu hiyo ya mashahidi wawili inamlinda yeye kuliko mtu yeyote. Msipoifanya, upungufu wowote utakaoonekana baadaye utaelea katikati ya siku yake ya mwisho na siku ya kwanza ya mbadala wake, na hakuna atakayejua ulitokea lini.

Yale mengine yote, mzigo wa mteja fulani, orodha ya madeni, risiti zilizobaki, yatafute bila yeye. Ukikwama yaandike uyaweke kando. Mengi utakuta yameshajibiwa na daftari kabla ya mchana.

Cheti cha daktari, bila kumtisha

Cheti kitaje mwishoni na kwa manufaa yake: "Ukimaliza kuonwa, omba cheti cha daktari, ile ED. Ukipata nafasi kipige picha unitumie, si lazima leo. Kinalinda mshahara wako."

Si maneno ya kumfariji tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri asilipe kama mfanyakazi hakuleta cheti. Kwa hiyo msimamizi anayenyamaza kwa huruma, asikitaje cheti kabisa, anaweza kumponza mtu wake. Kenya hesabu ni tofauti sana: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika miezi 12, baada ya kutumikia miezi miwili mfululizo, na cheti kinahitajika pia. Kama timu yako ina watu wa nchi zote mbili, usiwapimie wote kwa kipimo kimoja.

Kama katika maelezo yake ametaja kwamba hali ilianzia kazini, kwa mfano moshi wa dawa ya kuua wadudu iliyopuliziwa stoo jana au mzigo uliomdondokea, liandike siku hiyohiyo na ulifikishe kwa anayeshughulikia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hiyo ni njia nyingine, yenye fomu zake, na ikicheleweshwa anayeumia ni yeye.

Namna ya kukata simu

Mwambie mambo mawili kabla ya kuagana. La kwanza, leo hahitajiki: "Duka tunalo sisi. Zima simu ulale kama unataka." Likisemwa waziwazi, linamzuia kukaa na simu mkononi akingoja kuitwa. La pili, nani atapiga na lini: "Nitampigia jirani yako saa kumi jioni kujua mmefikia wapi. Wewe usihangaike." Kisha "Ugua pole, mama", ungoje aitikie, na umwache yeye akate.

Ukihesabu vizuri, mazungumzo yote haya hayazidi dakika saba. Ya kazi ndani yake ni kama dakika moja.

Baada ya simu

Kwenye kundi la wasap la duka andika mstari mmoja: "Keshia wetu hatakuwepo leo. Nafasi yake atashika fulani. Maswali ya fedha niletewe mimi." Usiandike anaumwa nini, usiandike yuko hospitali gani, usitume picha ya cheti. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria hiyo, mtu alikuwa na haki ya kurudi kazini bila kuulizwa na kila mpagazi kuhusu matapishi yake. Watu watataka kwenda kumwona na kuchanga, na ni desturi njema. Muulize kwanza yeye au ndugu yake: anaridhia, lini, na wangapi.

Vipi kama unashuku? Kuna mfanyakazi ambaye ugonjwa wake huangukia Jumatatu kila mara. Hata huyo mpokee kwa utaratibu huuhuu, kwa sababu kwenye simu huna njia ya kumtenganisha na mgonjwa wa kweli, na ukikosea upande mmoja gharama yake ni siku moja ya kazi, ukikosea upande wa pili inaweza kuwa uhai wa mtu. Shaka yako ipeleke kwenye daftari la mahudhurio, na ukae naye akisharudi, ana kwa ana, tarehe zikiwa mezani. Ukifanya hivyo bila hasira, mara nyingine linajitokeza jambo ambalo hukulitegemea: mgonjwa anayeuguzwa nyumbani, au dawa anazochukua kliniki kila Jumatatu.

Siku ya kurudi

Tuseme mama amepimwa, ni malaria, amepewa dawa mseto na cheti cha siku tatu. Siku ya pili jioni anakupigia mwenyewe: "Baba, nimepata nafuu, kesho nakuja." Homa huwa imeshuka kufikia hapo, na hapo ndipo watu huacha dawa. Dozi ni ya siku tatu, asubuhi na jioni, na inafanya kazi vizuri ikinywewa na chakula chenye mafuta. Mwambie amalize dozi na cheti chake, hata kama nafasi yake inakuelemea. Ukimpokea kesho utakuwa umemfundisha yeye na timu nzima kwamba cheti cha daktari ni karatasi tu.

Akirudi, mwite pembeni kabla hajakaa dirishani. "Shikamoo mama, pole kwa kuugua. Daktari amesema lolote kuhusu kazi?" Huenda anahitaji kiti badala ya kusimama, au kutoka mapema siku mbili. Kisha mfungulie daftari ukurasa wa ile asubuhi, mhesabu droo pamoja, alinganishe na siku alizokuwa hayupo, asaini kupokea. Funguo zirudi mkononi mwake, na ile ya akiba irudi kwenye bahasha mpya, na sahihi zenu wawili juu ya gundi.